Aya ya Kiti

Insha yangu ilirudi na alama arobaini na moja. Mkufunzi wetu wa kozi ya kuhudumia wagonjwa majumbani alikuwa ameandika chini kwa kalamu nyekundu: "Mambo mazuri yamo, lakini yamezagaa. Linganisha na vigezo, kisha ulete tena Jumatatu." Asiyefikisha hamsini hapelekwi hospitali kujifunza kwa vitendo. Mimi elimu yangu ni ya msingi tu, na darasani ndimi mkubwa kuliko wote, wananiita Bibi Kozi. Nikikosa hapo, sitakuwa na uso wa kurudi kuomba nafasi tena.

Binti yangu alikuwa nyumbani mwisho wa wiki ule. Amemaliza chuo kikuu, anajua kuandika. Alivuta meza ya chakula karibu na dirisha, akaweka insha upande mmoja na karatasi ya vigezo upande wa pili.

"Mama, umesoma hii karatasi kabla ya kuandika?"

"Nimesoma swali. Hiyo si ya mwalimu ya kuwekea alama?"

"Ndiyo, na kawagawia ili mjue anatafuta nini! Umempikia mgeni bila kumuuliza anakula nini."

"Mgeni wangu akila asichokipenda hashukuru?"

Akacheka. Tukaanza. Vigezo vilikuwa vitano: kueleza hali ya mgonjwa na mahitaji yake, hatua za huduma na sababu zake, mawasiliano na familia, ulichojifunza na ambacho ungebadili, na cha mwisho, mpangilio na lugha. Hiki cha mwisho, alisema, hakina aya yake, kinapimwa katika insha nzima. Vingine vyote lazima kila kimoja kiwe na mahali pake, mkufunzi akinyoosha kidole akione.

Swali lilitaka tueleze mgonjwa tuliyemhudumia. Mimi nilimwandika marehemu mume wangu. Ningemwandika nani mwingine?

Binti alizipa aya namba, akawa anasoma moja moja na kuandika pembeni kwa penseli inajibu kigezo gani. Aya ya kwanza nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa ndoa yetu tangu siku ya harusi.

"Hii haina kigezo, Mama."

"Mungu hana kigezo?"

"Anacho, ila si kwa mkufunzi. Mshukuru ukishafaulu."

"Usikufuru," nikamwambia, lakini nikampa mkasi mimi mwenyewe.

Aya ya pili, ya ugonjwa wenyewe, ilipata kigezo cha kwanza. Ya tatu, ya kumgeuza kitandani asipate vidonda, ilipata cha pili. Ya tano nayo ilikuwa ya kumgeuza. Nilikuwa nimekumbuka jambo nikalirudia mbele. Akaikata, akaibandika chini ya ya tatu, akafuta sentensi zilizojirudia. Katikati ya aya ya dawa alikuta nimeandika nilivyojifunza kunawa mikono kabla ya kumlisha. Akaitoa, akaipeleka mwisho, kwenye kigezo cha nne. Kazi ile ilinipendeza. Ilikuwa kama kupanga kabati la mtu mwingine, soksi huku, mashuka kule, hatimaye unaona kumbe ana vitu vingi.

Kisha penseli ikasimama. Kigezo cha tatu, mawasiliano na familia, hakikuwa na namba yoyote mbele yake.

"Hapa ni patupu. Alama ishirini zinaondoka hivi hivi."

"Si kuna ile ya kiti?"

Aliitafuta aya ya nne, akaisoma kimoyomoyo. Namjua mwanangu, akisoma jambo linalomchoma hukuna shingo. Niliandika kwamba jioni marehemu alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee mlango wa uani, akae aone anayeingia. Kila gari likisimama huuliza, "Amefika?" Nami humjibu, "Kesho." Tukimrudisha kitandani, kiti hakuruhusu kirudishwe mahali pake.

Sikuandika ni nani aliyesubiriwa. Sikuona haja.

"Hii nayo haina kigezo," akasema taratibu. "Kigezo kinataka ueleze ulimwarifu nani katika familia, ulimwambia nini, na wao wakafanya nini. Hapa umeandika kiti."

"Basi iondoe."

"Mama. Ulinipigia simu."

"Nilikupigia."

"Ulisema, 'Baba yako anadhoofika.' Nikakuambia nina mitihani, nikimaliza nakuja. Ukapiga tena, nikakuambia vilevile. Mbona hukuandika?"

"Mwanangu, insha ile inasomwa na mgeni. Nikuanike kwa mgeni kwa ajili ya alama?"

Akachukua karatasi mpya, akaandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake mdogo ule ambao baba yake alikuwa akiusifu. Akanisomea: nilimpigia binti yetu simu mara mbili na kumweleza kwamba baba yake anadhoofika. Alikuwa katika mitihani. Sikumwambia wazi kwamba siku za baba yake zimekaribia. Alifika baada ya mazishi.

"Ni kweli hivyo?" akaniuliza. "Hukuniambia wazi?"

"Sikukuambia wazi. Nilihofia utafeli."

"Na mimi sikuuliza."

Jirani alikuwa akimfokea mtu kwa kuacha bomba wazi. Kisha binti akasema, sauti yake ya kazi imerudi, kwamba hiyo "sikumwambia wazi" itajibu pia kigezo cha nne: ningebadili nini. Nikamwambia aandike kwamba ningesema, njoo, baba yako anaondoka. Aliandika hivyo hivyo. Alibonyeza kalamu mpaka nyuma ya karatasi maneno yakaonekana.

Aya ya kiti ilibaki mezani pamoja na ya harusi. Tulipozipanga nyingine upya, akarekebisha viunganishi, kwa sababu "kama nilivyosema awali" ilikuwa sasa inakuja kabla ya kilichosemwa. Nikaandika nakala safi kwa mkono wangu Jumapili baada ya ibada, nikaipeleka.

Ilirudi na sitini na tatu. Namshukuru Mungu, kwa sauti, mkufunzi atake asitake. Jina langu liko kwenye orodha ya wodi, na sare nimeshapimwa.

Binti alipiga simu jioni. Nikamsomea alama kigezo kwa kigezo.

"Cha tatu?"

"Kumi na saba kwa ishirini."

"Tatu zimekwenda wapi?"

Mkufunzi alikuwa ameandika pembeni: "Familia umeieleza vizuri. Na mgonjwa mwenyewe, aliambiwa nini?"

Nilimsomea. Sote wawili tulijua jibu lilikuwapo, tulilikata kwa mkasi, neno moja ndani ya aya ya kiti, kwa kuwa tuliona halina mahali.

"Ungeliacha, Mama?"

"Sijui, mwanangu."

"Ulikuwa unamwambia kesho kila siku?"

"Kila siku."

"Alikuwa anaamini?"

Nilitazama ulipo mlango wa uani. Kile kiti hatujakirudisha mahali pake hadi leo; tumezoea kukizunguka tukipita na sinia.

"Alikuwa anauliza tena," nikamwambia.