Picha Tatu za Kipimo cha Marion

Ratemo alikuwa ameshaaga Mosocho nzima. Na watu wa Mosocho ukishawaaga, huwezi kuonekana tena kesho yake ukinunua nyanya. Watakucheka mpaka uhame kweli. Jirani mmoja alikuwa ameshaitisha godoro la Ratemo, mwingine jiko la makaa, na mchungaji alikuwa amemwombea na kumwekea mikono kichwani. Mjomba wake alikuwa amemtafutia nafasi kwa gereji Nairobi, aripoti Jumatatu ijayo, asubuhi, bila kukosa. Tangu amalize form four Ratemo alikuwa akifanya kazi kwa studio ya picha ya Dinesh pale Kisii mjini, "kwa muda tu," na huo muda ulikuwa umekula viatu jozi tatu.

Sasa wiki hiyo ya mwisho Dinesh akamtuma shule ya Sironga na kamera, apige wanafunzi picha za passport. Akapiga. Alipokuwa anafunga mkoba, mtu akamshika mkono wa shati kutoka nyuma. Alikuwa Marion, msichana wake, yule anayejifunza ushonaji hapo sokoni.

"Twende kwa kliniki," Marion akasema.

"Nani mgonjwa?"

"Twende tujue."

Ratemo akaelewa. Miguu ikaelewa kabla ya kichwa, maana ilianza kutembea kama ya mtu anayepelekwa kwa chifu. Njiani Marion akamwambia wazi: damu ya mwezi imechelewa. Kama ni mimba, basi asahau gereji, kwa sababu yeye hatamletea baba yake mzee mjukuu ambaye babake yuko Nairobi. Kama si mimba, aende salama, aandike barua.

Ratemo alisema, "Sawa kabisa," kwa sauti ya mwanaume. Moyoni alikuwa anaomba kama yule mchungaji.

Kliniki ilikuwa ya sista Zilpa, mama mnene wa kutoka upande wa ziwa, anayeongea Kiswahili polepole kama anahesabu vidonge. Marion alienda choo akarudi na kichupa. Zilpa akachukua kasha dogo jeupe la plastiki, refu kama kidole, lenye dirisha katikati, akadondosha mkojo kwa tundu la mwisho. Wote watatu wakainama.

Maji yakatembea chini ya dirisha, pinki kidogo kama juisi iliyochujwa mara nyingi. Kisha mstari ukatokea kando ya herufi C. Mnene, wazi.

"Ni mimba!" Ratemo akaruka.

"Kaa chini, baba," Zilpa akasema. "Huo ni wa kuonyesha kipimo kimefanya kazi. Hata wewe ukikojoa hapa utaupata huo. Usipotokea, tunatupa hii, tunachukua ingine. Jibu liko hapa kwa T."

Ratemo akakaa. Alikuwa na D plus ya Biology na alikuwa anaitumia yote.

Kwa T hakukuwa na kitu. Halafu kukawa na kitu. Halafu Ratemo akapepesa macho na hakujua tena. Kulikuwa na kivuli cha mstari, pinki ile ya ufizi wa mtoto, kimelala hapo kama kinaogopa kuingia ndani bila kubisha.

Zilpa akaangalia saa, akapeleka kasha dirishani. "Nauona. Ni hafifu lakini una rangi, na umekuja ndani ya wakati wake. Mstari hafifu bado ni mstari. Mimba kama ni changa sana, ile homoni inayopimwa ni kidogo kwa mkojo, na mstari unakuwa hivi. Siwezi kuwaambia hapana. Mrudi Jumatatu ijayo tupime tena na kipimo kipya. Kama ni mimba, utakuwa umekolea."

"Sista, huo si mstari," Ratemo akasema. "Hiyo ni uchafu ya plastiki."

"Uchafu umenyooka hivyo?"

"Ama ni kivuli. Ngoja." Na hapo, wasomaji wangu, mtu mwenye akili angenyamaza. Ratemo alifungua mkoba akatoa kamera. "Kamera haidanganyi. Nipige, niende nikaangalie vizuri."

Zilpa akacheka mpaka kiti kikalia. "Piga! Lakini hii kitu inasomwa kwa macho, hapa, na saa hii. Si passport."

Ratemo aliweka kasha juu ya meza, akasogea karibu mpaka kamera ikakataa, akarudi nyuma kidogo, akapiga na flashi. Alijisikia kama mpelelezi. Filamu iliyokuwa ndani, na hii ndiyo akili yake yote, ilikuwa ya rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, ile ya passport.

Kesho yake akajifungia kwa chumba cha giza cha studio. Akaweka negativu kwa mashine ya kukuza, akarusha mwanga juu ya karatasi, akaizamisha kwa dawa. Chini ya ile taa nyekundu kasha likachomoza, jeupe, safi, linang'aa kama sahani ya harusi. Mstari mmoja. C peke yake.

"Aki ya Mungu," Ratemo akanong'ona. Alicheza kidogo, akagonga kiwiko kwa rafu.

Lakini alikuwa mtu wa kazi hiyo, na mtu wa kazi hawezi kujidanganya kwa raha. Alijua karatasi ameipa mwanga kidogo tu. Alijua hivyo ndivyo anavyowapendeza kina mama wa Marani wanaotaka uso bila makunyanzi: mwanga kidogo, na kila kilicho hafifu kinaenda zake. Sasa amelifanyia kasha vile vile. Ameliondolea kunyanzi.

Akachukua karatasi ngumu, ile inayofanya nyeusi kuwa nyeusi kabisa. Akaongeza mwanga. Kwa dawa kasha likaja limenuna, kijivu. Na kwa T, hapo hapo, mstari wa pili.

Ratemo akaangalia hiyo picha, akaangalia ile ya kwanza. Mtoto alikuwa anakuja na kuondoka kulingana na vile mkono wake umekaa kwa swichi.

"Ngoja basi," akajiambia, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kuacha. Akaongeza mwanga zaidi, apate ukweli uliokomaa. Picha ya tatu ikatoka na mistari mitatu.

Alikaa juu ya ndoo. Mitatu! C, T, na mwingine karibu na ukingo wa dirisha. Kwa dakika moja nzima Ratemo, mtu mzima mwenye cheti, alifikiria mapacha.

Dinesh akabisha mlango, na kile Kiswahili chake cha dukani. "Wewe, Ratemo! Nakufa huko ndani?"

Akatoka na picha zikidondosha maji. Dinesh akavaa miwani. Hakuuliza ni nini, ameona mengi kwa studio. Akagusa mstari wa tatu na kucha. "Hii ni kivuli ya flashi. Mwanga natoka upande hii, ukingo natupa kivuli hapa."

"Na hii ya katikati?"

"Hiyo sijui. Rangi yake ilikuwa gani?"

Ratemo akafungua mdomo, akafunga. Pinki na kijivu, kwa filamu ile, ni ndugu wa tumbo moja. Kitu cha pekee ambacho sista Zilpa alikiangalia, rangi, yeye alikuwa amekiacha Sironga juu ya meza.

"Ilikuwa pinki," akasema. Masikio yake yenyewe yakamsikia akisema hivyo. Halafu haraka haraka: "Ama nilidhani."

Akaamua vile watu wa aina yake huamua. Jumamosi atamwonyesha Marion ile picha safi, ya mstari mmoja. Jumapili atapanda gari. Ni ushahidi. Ni picha. Nani atabishana na picha?

Lakini studio ya Dinesh ilikuwa na sheria yake moja: picha ya mtu haitupwi. Iliyoharibika, iliyoungua, iliyofumba macho, zote zinaingia kwa bahasha ya mwenyewe, ili sura ya mtu isipatikane kwa jalala ama ikifungia mandazi. Ratemo mwenyewe ndiye aliyefundisha wengine sheria hiyo. Na Jumamosi asubuhi Dinesh, mtu mwema, akamfungia bahasha yake; Ratemo akaichukua bila kuifungua.

Marion alikuwa ameketi nje ya duka la ushonaji, na cherehani mbele yake. Ratemo alisafisha koo.

"Nimechunguza hiyo maneno kitaalamu," akasema. "Hakuna kitu. Mstari ni moja. Ona."

Akampa bahasha. Marion akatoa picha ya kwanza, akatazama. Mkono ukarudi ndani ukatoa ya pili. Mkono ukarudi tena.

Marion akazipanga juu ya kitambaa, moja, mbili, tatu, kama mtu anayechagua vifungo.

"Hapa sina. Hapa niko nayo. Na hapa niko na nini, Ratemo? Ng'ombe?"

Fundi wake akaangua kicheko nyuma ya mlango. Marion pia akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Ulikuwa na hizi zote na ukataka kunionyesha hii moja."

Ratemo akaanza kuzikusanya, Marion akazifunika na mkono.

"Mimi nimekaa na huu mwili wiki nzima," Marion akasema. "Chai ya asubuhi inarudi. Damu sijaona. Jumatatu nitaenda kwa sista peke yangu. Wewe kesho panda gari, na usiseme ni mimi nilikuzuia."

Jumapili gari liliondoka. Ratemo aliliona likiondoka, kwa sababu alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na begi lake, miguu imekataa. Jirani mwenye godoro alimwona, akaanza kukohoa kile kikohozi cha kicheko.

Jumatatu Ratemo alifika kliniki, begi begani, kabla Zilpa hajafungua. Marion alipokuja, hakumsalimia, lakini hakumfukuza. Zilpa akafungua kasha jipya, akadondosha.

Safari hii Ratemo alikaa chini bila kuambiwa. Maji yakatembea, na kabla hata C haijakaa vizuri, kwa T ukaja mstari, pinki iliyoiva, usiohitaji mtu kupepesa macho. Ulipotulia ulikuwa mnene karibu kama mwenzake.

"Haya," Zilpa akasema. "Nani anasoma?"

Marion alikuwa anamwangalia Ratemo, si kasha.

"Ni mimba," Ratemo akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kijana wa kwaya. "Na hata ile ya kwanza ilikuwa. Niliiona, Marion. Niliiona pinki pale pale."

Marion alifunga kitambaa chake cha kichwa, akatangulia kutoka, na hatua chache mbele akapunguza mwendo, kidogo tu, kiasi cha mtu kumfikia.

Walimkuta mzee Obadiah, baba yake Marion, katikati ya majani chai, kikapu mgongoni. Aliwaona kwa mbali, akaendelea kuchuma. Walipofika karibu alimtazama Ratemo, begi lake la safari na viatu vyake vya vumbi.

"Kijana," akasema, "unakuja kwangu na begi. Wazee wako wako wapi?"

"Wanakuja, mzee," Ratemo akasema, ingawa wazee wenyewe walijua yuko Nairobi. "Mimi nimetangulia."