Viatu vya Wavu vya Tarishi Salimu

Salimu alipovua kiatu cha kulia barazani kwa Dzombo, fundi viatu wa Msambweni, Dzombo alisogeza kigoda chake nyuma.

"Subhanallahi! Bwana wee, umekanyaga nini? Au ni wewe mwenyewe uliyeoza?"

"Cheka, mtani wangu, cheka. Zimenibakia siku kumi na mbili."

Salimu alikuwa tarishi wa majaribio wa ofisi ya Mudiri, na majaribio yalikuwa ya miezi mitatu. Kila siku alibeba mkoba wa barua kwa miguu, leo Munje, kesho hadi Mwabungo. Baiskeli ya ofisi ilikuwapo, lakini karani alikuwa ameikalia tangu inunuliwe na hakuonyesha dalili ya kushuka. Amri ilikuwa moja tu: tarishi avae kiatu kilichofunika vidole, makubazi ni ya nyumbani. Mwisho wa majaribio, Bwana Rai wa zahanati angemkagua miguu. Tarishi wa kabla yake, Abdurahman, aliingia katika ukaguzi huo na mkoba begani, akatoka begani patupu.

Na Salimu hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Alikuwa mgema mpaka alipoanguka mnazini mwaka uliopita, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haukubali kupanda hata kitanda kirefu. Sasa ngozi baina ya vidole vyake vidogo ilikuwa nyeupe, imevimba, imechanika, na kila hatua ilimchoma kama pilipili. Alikuwa akiamka asubuhi anavitazama vidole kwanza, kabla ya kumtazama mkewe.

Dzombo alikinusa kiatu. Alikuwa amekishona mwenyewe, ngozi ya ng'ombe, uzi wa nta, soli mbili. Kwa ndani kilikuwa kimeota koga la kijani.

"Mbona kinanukia wali wa nazi?"

"Nakilainisha. Kila jioni nakipaka mafuta ya nazi. Ya Mwanapili, mazuri kabisa."

"Lahaula! Salimu, hiki ni kiatu, si kichwa cha bibi harusi! Ngozi hupumua, lakini kidogo, kwa taabu. Wewe umeiziba pua, kisha ukalipikia koga chakula. Na ukiswali njiani, miguu unaikausha?"

"Nikitawadha navaa tu. Barua zinangoja."

"Mara mbili kwa siku, miguu mibichi ndani ya ngozi iliyozibwa. Kwetu Kinango kiatu hiki kingerithiwa na wajukuu. Jua la kule lingekikausha hata ukikiloweka. Hapa pwani, masika haya, jasho lenyewe halina pa kwenda."

Akamwazima viatu vya turubai. Siku mbili Salimu alitembea kama mtu aliyesamehewa madeni. Turubai lilikuwa jepesi, na upepo aliuhisi japo kwa mbali. Siku ya tatu mvua ilimkuta Munje. Turubai likanywa maji yote, na ukingo wa mpira chini ukayazuia yasitoke. Akarudi nyumbani akipiga chwa, chwa, chwa, bata wamfuata. Viatu vikaanikwa upenuni usiku kucha, na alfajiri vilikuwa vingali majimaji. Hana vingine. Akavivaa.

Siku ya nne, Mwanapili, mkewe, alivishika vidole vile akaviinua kwenye mwanga wa mlango.

"Mume wangu, nimeolewa na mihogo ya kuloweka."

"Si wakati wa mzaha, Mwanapili. Zimebaki siku nane."

"Basi twende kwa fundi. Nami nije."

Walikwenda, naye alibeba birika la maji ya moto, bilauri tatu na kipande cha wavu wa pamba alichomwomba kaka yake mvuvi. Baada ya shikamoo na marahaba, Dzombo akatoa macho.

"Shemeji, umekuja kuniandalia chai?"

"Nipe vikombe vitatu, kipande cha ngozi isiyotiwa mafuta, na kipande cha turubai. Nyumbani nikifunika chungu kwa kitambaa mvuke unatoka, nikifunika kwa sinia hautoki. Nataka kuona kiatu kipi ni sinia."

Akajaza maji ya moto, akafunga mdomo wa kila kikombe: hiki ngozi, hiki turubai, hiki wavu. Juu ya kila kimoja akafudikiza bilauri. Salimu aliinama mpaka pua ikakaribia kuungua. Bilauri ya wavu ikaingia ukungu papo hapo. Ya turubai ikafuata polepole. Ya ngozi ikakaa safi muda mrefu, kisha ikatia kivuli chembamba tu, kama aibu.

Dzombo aliitazama ngozi yake kama baba aliyeitwa shuleni.

"Haya, na miiba je?" akasema. Akachukua msharasi, sindano yake ya kushonea viatu, akadunga: ngozi ikamgomea, turubai likapenyeka, wavu haukuhitaji hata kudungwa. "Umeona? Ngozi ndiyo ngao."

"Njia yangu ina mchanga na matope," Salimu akasema. "Mwiba niliokutana nao ni karani."

Dzombo akacheka, akakiri kwamba aliwahi kutia soli viatu vya mgeni mmoja wa hoteli ya Diani, juu vyote wavu wa nailoni, naye akavidharau. "Lakini wavu mtupu utatanuka na kuraruka. Nitaukunja mara mbili, na kisigino nitakizungushia ngozi. Mbele pia ngozi, kipande kifupi, kilichotobolewa matundu. Amri imesema vidole visionekane, basi havitaonekana."

Kesho yake Salimu alivaa. Watu wa Munje walimuuliza kama amevua kiatu au kiatu kimemvua. Mchanga uliingia, ikabidi asimame kila mara akung'ute. Mvua ikaja, maji yakaingia na yakatoka yalikoingilia, na akifika alasiri viatu vilikuwa vimekauka. Safari hii kila akitawadha alifuta baina ya vidole kwa kitambaa, barua zingoje. Siku ya tatu mchomo ulipungua. Siku ya sita ngozi ilianza kufunga. Bado hakulala vizuri. Je, Bwana Rai akisema wavu si kiatu?

Jumamosi Bwana Rai alivaa miwani, akatenganisha kidole na kidole, akabonyeza. Salimu alikuwa ameshika kingo za benchi kwa mikono miwili, hata ule mbovu.

"Pakavu," Bwana Rai akasema. Kisha akainua kiatu, akakiweka dirishani. Mwanga ukapita. Akakigeuza, akaona uso wa Salimu kupitia wavu. "Na hiki?"

"Vidole havionekani, bwana."

Bwana Rai akakivaa kwenye mkono, akatikisa, akatazama ngozi ya mbele kwa muda ambao kwa Salimu ulitosha kukwea na kugema minazi kumi.

"Kweli, havionekani." Akatia sahihi. "Umeajiriwa. Karani alisema atakayepita aanze Jumatatu zamu ya Kinango, mwezi mzima. Tarishi wa kule anaumwa."

Kinango. Vumbi, jua, na miiba mirefu kama msharasi wa Dzombo. Salimu aliyatazama matundu ya viatu vyake, jasho likamtoka upya.

Alimkuta Dzombo amekaa barazani. Vile viatu vya ngozi alivyomwachia vilikuwa mapajani mwake, vimesafishwa koga, vimeanikwa kivulini, vimekaushwa.

"Habari zimenifikia, tarishi. Chukua." Akavizuia kidogo kabla ya kuviachia. "Lakini Mwanapili ayafungie yale mafuta kabatini, na ufunguo aniletee mimi."