Safari Tisa kwa Wiki

Onkemetse alikuwa na barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Ya tatu ingemtoa kazini. Basi la kutoka Molepolole, alikoishi, halikuwa na saa maalumu. Wakati wa chai alimfuata Rra Seloilwe, mwenzake wa maabara, aliyekaa mtaa wa pili na aliyekuwa na gari.

"Rra, tuwe tunakwenda pamoja kila siku. Petroli tugawane nusu kwa nusu: pula thelathini kwenda, thelathini kurudi."

"Weka hela yako, Mma. Mimi teksi?"

"Anayepanda bure hawezi kuuliza gari liko wapi saa kumi na mbili na robo."

Rra Seloilwe alicheka, kisha akajikuna kidevu. "Ijumaa nikitoka kazini naenda moja kwa moja kwa ng'ombe wangu. Sitakurudisha."

"Ijumaa jioni nitapanda basi. Nyumbani hawaandiki barua. Safari tisa, basi: mia mbili na sabini kwa wiki. Usipokuja, niambie usiku wa kuamkia siku hiyo."

"Na wewe ukichelewa?"

"Ningoje dakika tano, kisha uondoke."

Jumatatu Onkemetse alisimama getini kwake tangu saa kumi na mbili, akitazama simu, kona, simu. Robo ilipita. Taa zilipotokea, Rra Seloilwe alishusha kioo.

"Nimechelewa dakika mbili, Mma. Una haki ya kunidai."