Saba ya Kimron

Dawati la dirishani halikaliwi. Wanafunzi wangu wanasema lina mwenyewe, na mwenyewe amekufa. Mimi huwakemea, nawaambia shule si mahali pa hadithi za mizimu, lakini sijawahi kumlazimisha mtu akae pale. Odessa Lett alikaa kwa sababu alihamia mji wetu wa Gouyave akitoka kisiwa cha Carriacou mwezi wa Septemba, darasa limejaa, na hakuna aliyemwambia.

Jumanne ile nilirudisha karatasi za mtihani wa majaribio. Shuleni kwetu asiyefikisha hamsini hasajiliwi kwa mtihani wenyewe wa mwezi wa Mei. Aliyepata arobaini na tano mpaka arobaini na tisa hupewa karatasi ya pili Ijumaa saa saba mchana, na hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Odessa alipata arobaini na sita. Aliitazama karatasi, akaiacha juu ya dawati, akabeba mkoba wake.

"Ijumaa saa saba, Odessa," nilimwambia.

"Mpe mwingine nafasi yangu, Mwalimu. Mimi na hesabu tumeachana."

"Hamjaoana bado, mtaachanaje?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alitoka, na hakurudi Jumatano.

Niliichukua karatasi yake pale dawatini, na ndipo nikasikia tok, tok, tok. Penseli juu ya mbao ya dawati. Dirisha lilikuwa limefungwa na darasa tupu. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini nilitoka mle ndani karibu mbio, mtu mzima na gauni langu.

Sauti ile ninaijua. Ni ya Kimron Bhola. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikaa pale, na alikuwa na tabia ya kugonga penseli mara tatu kila amalizapo swali. Nilikuwa mwalimu mpya, mwenye haraka na kiburi, na kugonga kule kuliniudhi. "We Kimron, unaita nani?" nilikuwa nikimwuliza. Alipata arobaini na saba. Siku hizo hapakuwa na karatasi ya pili. Aliacha shule siku hiyohiyo, akaenda kufanya kazi ya barabara kule milimani, na msimu wa mvua wa mwaka uliofuata kilima kiliporomoka juu yake na wenzake. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Nilipolisafisha dawati lake nilikuta ukurasa mmoja wa mtihani wake, wenye sifuri yangu nyekundu. Niliuweka kwenye droo. Sikuutupa, na sikuusoma tena. Kila msimu wa mitihani huwa nasikia penseli.

Kwa hiyo Jumatano nilikaa na karatasi ya Odessa, nikaandika barua hii:

"Odessa,

Umesema umeachana na hesabu. Mimi nimeisoma karatasi yako mstari kwa mstari na sioni talaka. Naona haraka.

Swali la 2. Umri wa watoto wanne ni 14, 15, 13 na 18, tafuta wastani. Umejumlisha 60, sawa kabisa, kisha ukasema 60 ÷ 4 = 16. Rudi nyuma: 4 × 16 ni 64. Si 60. Hapo ungejua, ungeandika 15. Alama moja.

Swali la 5. 3(x − 4) = 5x + 2. Umefungua mabano ukaandika 3x − 4, ukamsahau yule 3 asimguse 4. Ukapata x = −3. Lirudishe jibu kwenye swali: kushoto 3 × (−7) ni −21, kulia −15 + 2 ni −13. Pande mbili hazilingani, basi kuna kosa. Ukiandika 3x − 12 utapata x = −7, na pande zote mbili ni −33. Tazama lakini: umepoteza alama moja tu kati ya tatu, kwa sababu mistari iliyofuata ilitoka sawasawa katika ule uliokosea. Kosa moja, adhabu moja. Anayeonyesha njia yake haanguki mpaka chini.

Swali la 9. Pembetatu yenye pembe mraba, upande mrefu kuliko yote ni 13, mwingine 5. Umejumlisha 169 na 25 badala ya kutoa, ukapata upande wa tatu 13.9. Jiulize: umezidije ule mrefu kuliko yote? 169 − 25 ni 144, na upande ni 12. Alama mbili.

46 + 1 + 1 + 2 = 50. Hakuna kitu kipya hapo. Yote unayajua. Acha dakika kumi za mwisho, rudi nyuma na kila jibu.

Nimeweka ukurasa wa mwanafunzi mwingine, wa zamani. Swali lilikuwa: 2x + y = 7 na x − y = 2. Alipata sifuri kati ya nne. Tafuta alipokosea, ujifunze kukagua.

Mwalimu Cadore."

Ukurasa ule ulikuwa wa Kimron. Nilikata jina. Nilijiambia ni zoezi tu, na nilikuwa najidanganya. Nilitaka mtu mwingine autazame, kwa kuwa mimi sikuthubutu.

Barua nilimpelekea Verna, shangazi yake, anayeuza mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi mbele ya lango la shule.

"Amejifungia chumbani tangu jana," alisema, akigeuza mikate. "Nimemwambia mficha uchi hazai, nenda kwa mwalimu wako. Ananijibu mwalimu ndiye aliyemvua."

"Mpe hii."

"Ina alama ndani?"

"Zimo nne. Azitafute mwenyewe."

"Walimu nyie," alisema Verna. "Hata msaada mnautolea mtihani." Akanipa mkate, akakataa pesa.

Ijumaa saa sita na nusu nilikuwa darasani peke yangu. Karatasi ya pili ilikuwa mezani. Nilishaanza kumlaumu, kisha kujilaumu, alipoingia Odessa na sare iliyopigwa pasi, barua yangu mkononi na uso wa ugomvi.

"Mwalimu, zile nne zangu nimezikubali. Lakini huyu wako umemwonea."

"Nani?"

"Huyu wa sifuri." Aliubandika ukurasa mezani. "Umeniambia nitafute alipokosea. Nimetafuta usiku na asubuhi. Hajakosea popote. Mstari wa kwanza tu, ameandika 2x + y = 1 mahali pa 7. Basi! Baada ya hapo ona: amejumlisha milinganyo miwili, 3x = 3, x ni 1. Akaiweka kwenye ule wa pili, 1 − y = 2, y ni hasi 1. Njia imenyooka hivyo."

Nilikuwa natazama maandishi hafifu ya penseli chini ya ukurasa, chini ya sifuri yangu. Sikuwahi kuyaona.

"Na amekagua!" Odessa aliweka kidole palepale. "2 mara 1, toa 1, ni 1. Kisha 1 toa hasi 1, ni 2. Pembeni ya kila mstari kaweka vinukta vitatu, kama aliyegonga kwa penseli. Kwa alichokiona yeye, majibu yake ni sahihi kabisa. Wewe mwenyewe umeandika kosa moja, adhabu moja. Apoteze moja, apewe tatu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mbona sifuri?"

Kwa sababu nilisahihisha na orodha ya majibu pajani, nikitazama mstari wa mwisho tu. Orodha ilisema x = 3, y = 1. Ndivyo nilivyomwambia, kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

"Na hiyo 1 ya mstari wa kwanza aliitoa wapi?" aliuliza. "Aliinakili kwa nani?"

Nilimwambia kwamba mwaka ule mashine ya kuchapia iliharibika. Maswali yote niliyaandika ubaoni kwa mkono wangu.

Odessa aliinua barua yangu karibu na macho, akaguna. "Mh. Saba zako, Mwalimu. Hata mimi hapa nusura nisome moja."

Niliketi. Arobaini na saba na tatu ni hamsini. Huhitaji mwalimu kufanya hesabu hiyo. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na mmoja nikimwonea huruma mtoto aliyefeli, na mtoto hakuwa amefeli.

"Ni nani huyu?" Odessa aliuliza polepole.

"Alikaa dawati lako."

Alinitazama, akatazama dirishani. Nilidhani ataomba kukaa kwingine. Akaenda, akavuta kiti chake palepale, akasema, "Nipe karatasi. Na maswali nisomee namba zote kwa mdomo."

Nilimsomea. Aliandika kwa saa moja na nusu bila kuinua kichwa, kisha dakika kumi za mwisho akarudi kwenye swali la kwanza. Nilimwona akifuta kitu, akiandika upya. Ndipo penseli ikaanza: tok, tok, tok. Kimya, halafu tena. Nilitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa umeshika karatasi na mwingine umeshika kifutio, na penseli yake imelala mezani. Sikukimbia safari hii. Niliogopa, sitasema uongo, lakini nilikaa nikazisikiliza zote, kila swali na mara zake tatu, kwa kuwa sasa nilijua Kimron anafanya nini: anakagua.

Odessa alipata hamsini na tisa. Nilisahihisha mbele yake, mstari kwa mstari, na jina lake nikalipeleka ofisini kabla wino haujakauka. Saba kati ya alama hizo zilitoka kwenye kufuta kwake. Shangazi Verna aliposikia alipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Mimi nilipanda kwa mama yake Kimron, nyuma ya ghala la kungumanga. Nilimkuta anaanua nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, ya orodha, ya ubaoni, ya saba yangu, nikampa ukurasa. Nilikuwa nimeikata sifuri na kuandika 3, na kando yake 50. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

Mama huyu hajui milinganyo. Alipitisha kidole juu ya vile vinukta vitatu.

"Siku ile alirudi akaniambia, Mama, nimezikagua zote, zote zimekubali," alisema. "Nikamzaba kofi. Nikamwambia, mwongo wewe, ungekagua ungefaulu."

Aliukunja ukurasa mara mbili, akautia kifuani, akaendelea kuanua nguo. Nilimshikia kapu mpaka nguo zikaisha kambani.