Jina Kwenye Risiti ya Maganga

Asteria alikuwa na wivu, na wala hakujisumbua kuufanya kuwa kitu kingine. Alimwonea wivu mke mwenzake Mbuke tangu siku aliyoingia kwenye mji wa Maganga akiwa mke wa pili, akaonyeshwa nyumba ndogo ya pembeni. Kusoma alisoma yeye hadi kidato cha nne, duka la kuchapa barua pale Segese aliliendesha yeye, lakini Maganga akipiga simu kutoka mgodini Saudia, alipiga kwanza kwa Mbuke ambaye hata jina lake mwenyewe aliliandika kwa kulivizia.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Mbuke alipoingia dukani akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, Asteria alijua kuna jambo lililoanzia kwa mume.

"Shikamoo dada," Asteria alimwamkia.

"Marahaba, Mama Wema. Nisaidie, mwenzio nimekwama. Mume wetu amenitumia pesa ya bati. Juzi nimekwenda benki Kahama, binti wa dirishani akaniambia jina haliendani na kitambulisho, nirudi kwa aliyetuma. Nikampigia. Anasema yeye huko anaona iko tayari kuchukuliwa, hajui kosa ni nini. Amesema wewe uandikie ile kampuni ya kutuma pesa."

Pesa ya bati! Mwezi uliopita tu Asteria alimwomba Maganga mashine ya kutoa kopi, maana ile ya kwake ilikuwa inatafuna karatasi kama mbuzi. Akajibiwa mwaka huu hali ni ngumu, avumilie. Kumbe hali ilikuwa ngumu kwenye nyumba moja tu.

Alipokea simu, akafungua picha ya risiti ambayo Maganga alimtumia Mbuke. Shilingi milioni mbili na laki tatu. Namba ya muamala ipo. Mtumaji: Maganga. Namba ya simu ya mpokeaji ilikuwa ya Mbuke. Akashuka mstari mmoja chini, kwenye jina la mpokeaji, na hapo macho yakamtoka.

Asteria Luka.

Alilisoma mara tatu. Lilikuwa jina lake, lile lile la kwenye kitambulisho cha taifa. Alielewa bila kuambiwa. Maganga alikuwa na majina mawili kwenye simu yake, akaligusa la juu badala ya la chini, akabadilisha namba ya simu na kusahau jina. Mwanaume akitoka zamu ya usiku hawezi kuona vizuri.

"Wanasemaje?" Mbuke aliuliza.

"Niache niisome vizuri. Nitumie hiyo risiti kwangu, nitawaandikia leo."

Hakuandika. Jumanne Mbuke alipita kuuliza, akaambiwa kampuni haijajibu. Jumatano vivyo hivyo. Mbuke aliitikia tu "haya," akatazama mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa Kahama, akaenda zake. Paa lake lilikuwa limeoza, na mvua za kwanza hazikuwa mbali.

Alhamisi Asteria alifunga duka, akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari la Kahama.

Alikuwa na kila kitu kinachotakiwa: kitambulisho, namba ya muamala, jina. Wizi uko wapi hapo, alijiuliza kwenye foleni ya benki, kama pesa imeandikwa jina langu? Kwenye fomu akajaza jina la mtumaji, nchi ilikotoka pesa na kiasi anachotarajia. Fomu ikamuuliza uhusiano wake na mtumaji. Akaandika "mke", akalitazama neno lile kwa raha. Hakuna aliyemuuliza ni mkubwa au mdogo.

Chini yake palikuwa na mstari mwingine: matumizi ya pesa. Alitaka kuandika mashine ya kopi, lakini kalamu ikagoma. Aliyaona masufuria yaliyopangwa sakafuni kwa Mbuke msimu uliopita, yanakinga matone, na katikati yake Wema, mwanawe mwenyewe, amelala na watoto wa Mbuke kwa sababu mama yake alikuwa amechelewa dukani. Mbuke alikuwa amemsogeza Wema pale pakavu, na wa kwake akawaacha pembeni.

Asteria alimchukia kwa hilo pia. Alimchukia kwa sababu hata wema alikuwa nao yeye. Lakini fomu aliichana, akatoka nje na vipande vyake mkononi.

Mchana ule ule akakaa mbele ya kompyuta yake, akaandika:

"Kwa huduma kwa wateja. Ninaandika kwa niaba ya Bi. Mbuke Ngusa, wa Segese. Ametumiwa pesa kutoka Saudia na mume wake, Maganga, tarehe tano mwezi huu, na hadi leo hajalipwa. Namba ya muamala na risiti nimeambatanisha. Mpokeaji aliyekusudiwa ni yeye, lakini jina lililoandikwa ni Asteria Luka. Asteria Luka ni mimi. Pesa hii si yangu. Naomba mnieleze namna ya kurekebisha ili imfikie mwenyewe."

Alikaa muda mrefu kabla ya kubonyeza kutuma.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Kampuni ilisema muamala bado haujachukuliwa na mtu. Ilisema haiwezi kubadili chochote kwa ombi la mtu mwingine. Mtumaji mwenyewe ndiye awasiliane nayo. Na kwa kuwa jina ni la mtu tofauti kabisa, si kosa la herufi, itabidi aufute muamala, arudishiwe pesa, kisha atume upya kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha mpokeaji. Wakamwonya pia asimpe mtu mwingine ile namba ya muamala.

Asteria alimpigia Maganga, akamweleza. Maganga alicheka kwa aibu, akasema, "Nilikuwa na usingizi, Mama Wema. Asante kwa kuwa mwaminifu." Neno hilo la mwisho lilimwingia Asteria kama mwiba.

Jumatatu risiti mpya ikaingia kwenye simu ya Mbuke, naye akaja nayo dukani.

"Nisomee jina."

"Mbuke Ngusa," Asteria alisoma. "Safari hii ni wewe. Ile ya kwanza, dada, alikosea akaandika jina..."

"Lako," Mbuke alisema. "Najua. Siku ile niliporudi kutoka benki, Eliya fundi simu alinisomea kabla sijaja kwako."

Asteria alishika ukingo wa meza. "Ulijua? Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni yako kweli. Nikasema, huyu mwanaume amemtumia mke wake mdogo mamilioni, risiti akaikosea ikaja kwangu, na ile hadithi ya bati ni ya kunifumba macho. Nililia njia nzima kwa wivu. Kisha nikasema ngoja niilete kwa mwenyewe, nione kama atanisomea. Nikaleta. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila siku nakuuliza."

"Niliandika, dada. Barua ipo, nitakusomea sasa hivi, utasikia nilivyosema."

"Naamini umeandika. Pesa si hii imekuja? Asante, mayu, mama yangu."

Alisema hivyo kwa upole, bila kinyongo kinachoonekana, akaichukua simu yake mezani. Asteria alimfuata kwa macho hadi mlangoni. Alidhani angeshika njia ya nyumbani. Lakini Mbuke alivuka barabara, akaingia kwa Eliya fundi simu, akamwonyesha ile risiti, na Eliya akainama kumsomea jina.