Kikasha na Birika

Basi lilipofika Modogashe saa nne asubuhi, Idman alishuka akiwa ameziba jicho la kulia kwa ncha ya mtandio, na abiria wenzake wakadhani analia. Alie nini mtu mwenye barua ya kazi mkobani? Baada ya miaka miwili ya kukaa nyumbani na cheti chake cha ualimu, shule moja ya Kutulo ilimtaka aripoti kesho, Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Asipofika, nafasi inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Barua ilisema hivyo bila kumung'unya maneno, naye alikuwa ameisoma hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika.

Kilichomtoa machozi ni jicho lenyewe. Jana jioni lilikuwa likiwasha tu. Alfajiri ya leo, baba yake, mzee Abdille, alipomsindikiza kituoni Garissa, aliliona limekuwa jekundu akauliza kulikoni. "Vumbi tu, Aabo," Idman akasema, akacheka, akapanda basi upesi asije akaulizwa tena. Sasa hilo vumbi lilikuwa limegeuka msumari. Kila alipofumbua, mwanga ulimchoma hadi kisogoni, na mabati ya maduka ng'ambo ya barabara aliyaona kama yako nyuma ya moshi.

Alijikongoja hadi kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja aitwaye Qali, akaketi upande wenye giza. Qali hakuuliza kama anataka chai. Alimshika kidevu, akawasha tochi ya simu.

"Fumbua, abaayo, dada yangu. Kidogo tu." Akatazama, kisha akazima tochi haraka. "Wallahi hii si vumbi. Iko kitu nyeupe hapo kwa nyeusi ya jicho. Kama punje ya mchele iliyovunjika."

Ndipo Idman alipomkumbuka Shuaib, mtaalamu wa kliniki ya macho Garissa, aliyempimia lenzi za kuvaa ndani ya macho miaka mitatu iliyopita alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni. Namba yake ilikuwa bado imeandikwa kwa kalamu kwenye boksi la lenzi lililokuwa mkobani, chini ya masharti ambayo Idman aliyasoma siku ile moja, akayakubali yote, akayasahau yote.

Shuaib alipokea simu mlio wa pili. Hakusalimia sana; Idman alipotaja jina lake na jicho, akaanza kuuliza.

"Linauma?"

"Sana."

"Mwanga unakuchoma? Unaona ukungu?"

"Vyote viwili. Na mama hapa anasema kuna doa jeupe."

Idman akasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Lenzi bado iko ndani ya jicho?"

Idman alivuta mtandio juu ya jicho.

"Idman! Iko ndani?"

"Iko ndani. Zote mbili. Sijazitoa tangu juzi. Nilikuwa napanga mizigo, nikapitiwa na usingizi nazo, na jana..."

"Nisikilize vizuri. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, isibaki hata tone. Toa zote mbili. Usizitupe, zirudishe kwenye kikasha chake, uje nazo pamoja na hicho kikasha. Usizirudishe machoni tena. Usifunge jicho kwa bandeji. Na leo hii uwe hapa mbele yangu."

"Kesho naripoti kazini Kutulo. Nikisharipoti nitaomba ruhusa, Ijumaa nitarudi."

"Ijumaa," Shuaib akasema polepole, "huenda nisiwe na jicho la kutibu. Ikiwa ni ninachokiogopa, hicho ni kidonda juu ya kioo cha jicho. Kinaweza kukitoboa kwa siku mbili. Mimi siwezi kukushusha kwenye basi kwa simu. Nimekwambia."

Idman alitoa lenzi kama alivyoagizwa, Qali akimmiminia maji na kumpa kitambaa kisafi cha kufutia. Ya kulia ilitoka imeng'ang'ania, naye akauma meno asipige kelele. Kisha akatoa mkobani miwani yake minene ambayo alikuwa ameifungia miaka mitatu. Darasani walikuwa wakimwita Chupa. Aliivaa na hakujali nani anamtazama.

Basi likapiga honi. Hapo ndipo aliponyanyuka muuza dawa wa duka la jirani, ambaye alikuwa amesikiliza kila kitu bila aibu, akaja na kichupa kidogo cha matone.

"Kwa nini unajisumbua? Hii wote hapa wanatumia. Tone mbili, ukifika Wajir nyekundu imeisha. Panda gari, dada, usipoteze kazi."

Tusimlaumu Idman kwa kukitazama kile kichupa kwa tamaa. Kilikuwa kinampa Kutulo na jicho kwa pamoja, na nani asiyependa kupewa vyote viwili? Mkono ukatoka wenyewe kukipokea. Lakini hofu ilikuwa imeshamshika, na hofu safari hii ilikuwa na akili kuliko yeye. Alipiga picha ya lebo, akamtumia Shuaib. Jibu likaja kabla kondakta hajamaliza kuita abiria.

"Hiyo ina steroidi. Itafuta wekundu, utafurahi, na kidonda kitaendelea kukula chini kwa chini. Usiweke."

Honi ya pili. Idman alisimama katikati, mguu mmoja kwenye kivuli na mwingine juani, barua mkononi. Alimchukia Shuaib. Aliichukia barua. Alijichukia zaidi mwenyewe, kwa sababu juzi angetumia dakika mbili tu kuzitoa zile lenzi kabla ya kulala, na hakuzitumia.

"Shusha sanduku langu," akamwambia kondakta.

Basi likaondoka kuelekea kaskazini na kazi yake ndani. Kwa muda Idman hakuweza hata kulitazama, na si kwa sababu ya jicho pekee.

Kupata gari la kurudi lilikuwa jambo jingine. Lori la kwanza lilijaa, la pili lilikuwa linakwenda Isiolo. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Maumivu yalipiga sambamba na mapigo ya moyo, na Qali kila mara akiangalia kwa tochi alisema doa halijakua, kwa sauti ya mtu asiyejua kudanganya. Saa saba kasorobo akatokea dereva mmoja, Dubow, na mbuzi sitini wa soko la Garissa.

"Mimi nabeba mbuzi, sibebi mgonjwa," alisema. Kisha akamwona. "Haye, ingia mbele. Funga dirisha, vumbi isiingie."

Safari nzima Idman alikaa ameinamisha kichwa. Kwenye kizuizi askari alitaka kujua kwa nini mwanamke huyu anajificha uso, akaamuru ashushe mtandio. Aliushusha. Askari akaliona jicho, akarudi nyuma hatua moja, akainua kizuizi mwenyewe.

Walifika Garissa saa kumi na nusu. Shuaib alikuwa mlangoni, na kando yake mzee Abdille, ambaye Idman alikuwa amempigia simu akiwa kwenye lori na kumwambia ukweli wote kwa mara ya kwanza siku ile.

Shuaib alimkalisha mbele ya darubini ya macho, akaweka tone la rangi ya manjano, akawasha mwanga wa buluu. Alitazama muda mrefu. Kisha akatia ganzi, akakwangua ukingo wa kidonda taratibu kwa ncha ya chuma, akapaka kwenye vioo vya maabara. Halafu akakifungua kile kikasha cha lenzi, na uso wake ukabadilika. Ndani ya vitundu, kwenye mizunguko ya vifuniko, kulikuwa na utelezi wa kijani.

"Kikasha hiki ni kile kile nilichokupa mimi?"

"Ndiyo. Nimekitunza vizuri."

"Miaka mitatu! Kinabadilishwa kila miezi mitatu, hata kama kinang'aa. Na dawa yake?"

"Naongezea ikipungua."

"Haiongezewi. Inamwagwa yote kila siku, unatia mpya. Na kikasha unakisuuza kwa kitu gani?"

Hapo Idman alijibu kwa fahari kidogo, maana hili alikuwa na hakika nalo. "Kila asubuhi nakisuuza kwa maji ya birika la udhu. Hayo hayachafuliwi na mtu. Aabo huyachota mwenyewe."

Mzee Abdille aliinua kichwa. "Maji ya udhu yamekosa nini, daktari? Ni maji tohara. Nimemfundisha mimi, kila kitu husafishwa kwa hayo."

Shuaib alivuta kiti akaketi mbele ya mzee, akashusha sauti. "Hayajakosa kitu, mzee. Ni tohara, tutaswali nayo. Lakini tohara si sawa na kukosa vijidudu. Maji yoyote, ya mto, ya bomba, ya chupa, yana viumbe tusivyoviona. Usoni havina neno. Vikiingia kwenye lenzi vinabanwa juu ya jicho, na mtu akilala nazo vinapata usiku kucha wa kuzaana. Kikasha kinasuuzwa kwa dawa yake tu, kisha kinaachwa wazi kikauke. Na mtu mwenye lenzi akitia udhu, afumbe macho kabisa, akaushe uso ndipo afumbue. Akioga, azitoe kabla."

Mzee alitazama mikono yake, ile iliyochota maji, na Idman alitamani ardhi impasukie. Kwa nini hakumuuliza mtu hata siku moja?

"Aabo, si wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyepewa masharti."

Matone yalikuwa ya kila saa, mchana na usiku, kwa siku mbili za mwanzo. Mzee Abdille alikataa binti yake kuweka kengele ya simu. Alisema yeye ameamka kwa ajili ya swala tangu utotoni, ataamka kwa hili pia. Aliamka. Maabara ikajibu kwamba ni bakteria wa majini, wale wale waliokutwa kikashani, na kwamba dawa inawaweza. Siku ya tatu maumivu yakapungua. Siku ya tano doa likaanza kujikunja pembezoni.

Nafasi ya Kutulo ilikwenda kwa jina linalofuata. Mwalimu mkuu alisema pole, na alikuwa na haki yake.

Wiki ya nne, Shuaib alimkalisha tena kitini. Wekundu ulikuwa umekwisha jichoni, limebaki kovu dogo karibu na kati. Alimvalisha miwani, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja cha baba yake mwenyewe, maana mzee alitaka awepo, kisha akazima taa ya mashine.

"Tuache herufi kwanza," Shuaib alisema. "Mtazame mzee."

"Unaniona?" mzee Abdille akauliza.

Idman alijua jibu ambalo baba yake alilitaka. Lilikuwa jepesi, la maneno mawili, jepesi kama vumbi tu, Aabo.

"Naona kanzu yako," alisema. "Naona ndevu. Uso wako, Aabo, sijauona."

Mzee hakuondoa kiganja chake. Alisogeza kiti kwa mguu, akainama hadi pumzi yake ikamfikia binti yake shavuni.

"Na sasa?"

"Sogea tena kidogo," Idman akasema, na baba yake akasogea.