Abiria Aliyemnunia Askari

Fundi cherehani aliingia ofisi ya trafiki na kadi ya pikipiki mkononi, sanamu lake la kupimia nguo kwapani. Jana pikipiki yake ilizuiwa kwa kosa la kubeba abiria asiye na kofia ngumu, na leo gauni la bibi harusi lilipaswa kufika kabla ya adhuhuri.

"Mkuu, abiria mwenyewe ndiye huyu."

Mkuu alilinganisha kadi na kitambulisho, kisha na namba ya chesisi pale uani. Vikapatana. Akamgeukia askari aliyeikamata.

"Hukuona ni sanamu?"

"Alikuwa na mtandio, mkuu. Nilimsalimia mara mbili, akaninyamazia!"

Mkuu akacheka hadi machozi, akafuta kosa.

"Saini hapa, fundi, uwahi harusi. Na huyu mfunge kamba vizuri."

Askari akamkabidhi ufunguo, akinong'ona: "Shemeji yangu huyo, taratibu kwenye matuta."